Wasifu wa mhasibu: niandike lipi, niache lipi?

*Assalamu alaykum Bi Mshauri,*

*Mimi ni mzaliwa wa Wete, ninaishi Mjini Unguja. Tangu 2018 hadi 2024 nilikuwa mhasibu wa hoteli moja ya utalii, na sasa nimeajiriwa katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu. Mkuu wa ofisi ametaka kila mfanyakazi aandike wasifu wa maneno kama 120, utiwe kwenye maandiko ya zabuni.*

*Mimi niliandika: "Mhasibu mwenye uzoefu wa miaka sita katika sekta ya hoteli." Nikaishia hapo. Shemegi yangu aliposoma alisikitika, akaniandikia huu: "Mhasibu na mkaguzi mbobezi, CPA, mwadilifu asiyeyumba, aliyesimamia fedha zote za hoteli, akafichua wizi mkubwa na kuiwezesha kupata hati safi kila mwaka." Mkuu wa ofisi ameupenda.*

*Si uongo mtupu. Mwaka 2022 niligundua malipo kwa mzabuni ambaye hayupo, na mkubwa mmoja wa manunuzi akaondolewa kazini. Hati safi kweli tulipata. Mitihani ya mwisho ya CPA nimefaulu na maombi ya usajili nimeshapeleka, bado majibu. Lakini kila nikiusoma naona haya. Nimelelewa kwamba mtu hajisifu. Shemegi anasema haya zangu zitanichelewesha na wenzangu watanipita. Je, ni haya tu, au kuna kitu? Na nikimkatalia mkuu wa ofisi nami bado mgeni, itakuwaje?*

*Mwenye Haya, Unguja*

Majibu

Wa alaykumu salaam mwanangu. Shemegi yako anakutakia kheri, na malezi yako nayo ni mazuri, lakini nakuomba kwanza uziweke sentensi mbili hizo pamoja uzitazame, yako na yake. Unaziona kama vitu vinavyopingana, moja ya kunyamaza na moja ya kujisifu. Mimi naona zina kasoro ile ile. Msomaji akimaliza yoyote kati ya hizo, bado hajui ulikuwa ukifanya nini ukifika kazini asubuhi. Ulikuwa ukipanga risiti kwenye faili au ulikuwa ukifunga hesabu za mwezi? Miaka sita inaweza kuwa ya kazi yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo sentensi yako fupi haikuwa unyenyekevu hasa, imeficha kazi uliyoifanya. Ukilikubali hili, suala la kujisifu linapungua nguvu, kwa sababu kutaja kazi kama ilivyokuwa si majivuno.

Fikiria nani atakayeusoma. Andiko la zabuni husomwa na kamati ya tathmini, na mara nyingi yumo mhasibu au mkaguzi wa ndani wa taasisi husika. Mtu huyo neno "mwadilifu" hana pa kulihakiki. Kila mwombaji ameliandika. Anachoweza kukihakiki ni cheo, tarehe, sifa ya kitaaluma, na kazi zilizotajwa kwa majina yake. Uadilifu anauona pale anapokuta mtu ameweka mpaka wa kazi yake bila kulazimishwa. Ndiyo maana wasifu wa mtu wa fani yetu huwa mkavu kidogo, na ukavu huo ndio unaompa msomaji imani.

Tuanze na vitenzi, maana humo ndimo wasifu mwingi wa wahasibu unapoharibikia. "Alisimamia fedha zote za hoteli." Shemegi ameliandika kukupandisha. Mkaguzi akilisoma atajiuliza: alikuwa na funguo za sefu? Alitia saini hundi? Aliandika vitabu na pia akavilinganisha na taarifa za benki? Kama yote hayo yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja, huo ni udhaifu wa udhibiti wa ndani, jambo ambalo mkaguzi huliandikia hoja. Yaani sentensi iliyokusudiwa kukusifu inakushitaki, na huenda kwa kosa ambalo halikuwapo. Kwa kila kazi jiulize ulikuwa upande gani: uliandaa, ulihakiki, uliidhinisha, au ulitia saini? Hayo ni mambo manne tofauti, na katika ofisi iliyopangwa vizuri hayakutani kwa mtu mmoja. Kama uliandaa vocha za malipo na meneja akaidhinisha, andika "aliandaa". Kama hukuwa mtia saini wa akaunti ya benki, litaje hilo waziwazi. Watu wengi huona ni kujishusha, lakini kwa mkaguzi mwenzako "hakuwa mtia saini" ina maana kwamba uliyekuwa ukilinganisha benki hukuwa na uwezo wa kutoa pesa, kwa hiyo ulinganisho wako una uzito.

Na hiyo hati safi. Hapa shemegi amekuwekea mtego bila ya kujua. Hati ni maoni ya mkaguzi wa nje juu ya taarifa za fedha, ambazo ni dhamana ya uongozi. Mhasibu haipati wala haitoi, yeye ameandaa majedwali na vielelezo vilivyokaguliwa. Zaidi ya hapo, tazama wizi na hati safi "kila mwaka" vilivyokaa katika sentensi moja. Msomaji makini atauliza mara moja: malipo hewa yalikuwapo na hati ikatoka safi vipi? Jibu lipo. Mkaguzi hutoa uhakika wa kuridhisha, si uhakika kamili, na hupima mambo kwa kiwango cha uzito alichokiweka. Malipo madogo yanayorudiwa yanaweza kukaa chini ya kiwango hicho, na ulaghai uliofichwa kwa nyaraka za kughushi ni mgumu kuuona. Lakini wasifu wa maneno 120 hauna nafasi ya maelezo hayo, na sentensi inayohitaji utetezi kabla hujaitwa kwenye usaili ni bora ikae nje. Ukitaka kuugusa ukaguzi wa nje, "aliandaa majedwali na vielelezo kwa ajili ya ukaguzi wa mwaka" inatosha, na ni kazi yako kweli.

Sasa herufi tatu, CPA. Hapa, mwanangu, haya zako zimeona kitu cha kweli. Kufaulu mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, na kusajiliwa nayo ni hatua mbili. Sheria ya usajili wa wahasibu na wakaguzi, namba 33 ya mwaka 1972, iliweka daftari la usajili, na jina la mtu huwamo au halimo. Mtu yeyote anayetathmini zabuni anaweza kuuliza. Ikionekana jina halimo, hasara haimwangukii mtu mmoja tu, taarifa isiyo ya kweli ndani ya andiko inaweza kuliangusha andiko zima la ofisi. Na wewe maombi yako yapo mezani kwa bodi hiyo hiyo hivi sasa. Mara nyingi wasifu wa zabuni hutiwa saini na mwenyewe aliyetajwa, kwa hiyo siku ya kuulizwa, saini itakayoonekana ni yako, si ya shemegi.

Hilo halina maana unyamaze juu ya mitihani. Ni jambo kubwa, litaje kwa ukamilifu wake: "Amefaulu mitihani ya mwisho ya CPA ya NBAA, maombi ya usajili yamewasilishwa." Weka mwezi na mwaka ikiwa unavyo kwenye barua. Neno "mkaguzi" nalo lipime. Anayetia saini ripoti ya ukaguzi wa hesabu kwa umma ni mhasibu aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Wewe sasa unapima maeneo uliyopangiwa na kuandaa karatasi za kazi ambazo mkubwa wako anazipitia. Cheo kilichomo kwenye barua yako ya ajira ndicho kiandikwe, neno kwa neno, hata kama ni "msaidizi wa ukaguzi".

Nimeliacha la wizi hadi hapa kwa sababu ndilo gumu, na sitaki kukuamulia. Unalipenda tukio hilo, na una haki. Lilihitaji macho na ujasiri. Lakini kanuni za maadili za kimataifa za wahasibu, zile za IESBA, zinataka usiri wa taarifa za mwajiri uendelee hata baada ya ajira kwisha. Pia zinakataza kutia chumvi katika sifa na uzoefu wako. Halafu kuna neno lenyewe, "wizi". Ulichokikuta wewe kama mhasibu ni malipo yasiyo na vielelezo kwa mzabuni asiyethibitika kuwapo. Wizi ni tamko la mahakama. Kama kesi haikwenda huko, neno hilo linamgusa mtu ambaye hajahukumiwa, na visiwa vyetu ni vidogo. Jina lako, mwaka na hoteli vikishajulikana, watu wa Nungwi na Paje watamjua aliyetajwa kabla ya kufika mwisho wa mstari. Usidhani kuficha jina la hoteli kunatosha.

Unazo njia tatu, kila moja na gharama yake.

Ya kwanza ni kuliacha kabisa, na kulisema kwa mdomo usailini ukiulizwa kuhusu udhibiti wa ndani, kwa maneno ya jumla. Ni salama, ila utapoteza kitu kinachokutofautisha na wengine kwenye karatasi.

Ya pili ni kuomba ruhusa ya maandishi kwa mwajiri wako wa zamani. Wapo watakaokubali, hasa kama mlimaliza kwa wema. Lakini kuomba huko kunaweza kufukua jambo walilokwisha kulizika, na wakikataa utakuwa umejifunga zaidi kuliko kabla hujauliza.

Ya tatu ni kuandika utaratibu badala ya tukio. Mzabuni hewa haonekani kwa bahati. Pengine ulichukua orodha ya wazabuni wanaolipwa ukailinganisha na namba zao za mlipakodi, na hati za kupokelea bidhaa stoo, na namba za akaunti za benki za wafanyakazi kwenye orodha ya mishahara. Dalili zake zinajulikana: ankara zenye namba zinazofuatana kana kwamba mzabuni hana mteja mwingine, kiasi kinachokaa kila mara chini kidogo ya kiwango cha idhini, bidhaa iliyolipwa bila ya saini ya stoo. Kama ndivyo ulivyofanya, andika: "Alihakiki orodha ya wazabuni kila robo mwaka kwa kuilinganisha na namba za mlipakodi, hati za mapokezi ya stoo na akaunti zinazolipwa." Mtu wa fani akiisoma atajua kwamba unajua unachokitafuta, na hakuna siri ya mtu iliyotoka. Udhaifu wa njia hii ni kwamba lazima uwe ulifanya hivyo kila robo kweli. Kama ulifanya mara moja tu, andika hivyo, au uache neno la robo mwaka. Mwajiri wa zamani akipigiwa simu ataulizwa hilo hilo.

Tarehe nazo zina kazi ambayo pengine hukuifikiria. Kanuni hizo hizo za IESBA haziruhusu mtu aingie kwenye timu ya ukaguzi wa mteja ikiwa, ndani ya kipindi kinachokaguliwa, alikuwa mwajiriwa wa mteja huyo mwenye ushawishi mkubwa juu ya vitabu vyake. Wewe ulikuwa mhasibu wa hoteli hadi 2024. Ikiwa ofisi yenu siku moja itaomba kuikagua hoteli hiyo kwa mwaka 2024, mkuu wako atakutoa kwenye timu kwa kuona tarehe zako tu. "Uzoefu wa miaka sita" haimwambii chochote. "Machi 2018 hadi Juni 2024" inamwambia.

Kuhusu takwimu, chagua zinazohusu kazi yako, si za mwenye mali. Mapato ya hoteli kwa mwaka ni siri ya hoteli. Idadi ya akaunti za benki ulizolinganisha, au siku za kazi ulizotumia kufunga mwezi, ni kazi yako, ingawa hizo pia zitaje ikiwa aliyekuwa mkubwa wako atakubaliana nazo. "Alipunguza gharama kwa asilimia 30" iache. Gharama hupungua kwa sababu nyingi, msimu wa wageni ukiwa mmoja wapo, na huwezi kuthibitisha mchango wako ni upi.

Jambo dogo la hapa kwetu: zigawe kodi mahali pake. VAT ya mauzo ya ndani ya Zanzibar inakwenda ZRA, PAYE inakwenda TRA, michango ya hifadhi ya jamii inakwenda ZSSF. Ukiandika "kodi zote za TRA", mtu wa Mjini atajua wasifu umenakiliwa kutoka Bara.

Tuseme basi kazi yako ilikuwa hivi. Badilisha kila kisicho chako:

*"Kuanzia Machi 2018 hadi Juni 2024 alikuwa mhasibu wa hoteli ya utalii Unguja. Alilinganisha kila siku mauzo ya mapokezi, mkahawa na baa na fedha zilizopelekwa benki, na kila mwezi akaunti mbili za benki, ya shilingi na ya dola. Aliandaa hesabu za mwezi, marejesho ya VAT kwa ZRA, PAYE kwa TRA na michango ya ZSSF, pamoja na majedwali kwa ajili ya ukaguzi wa mwaka. Hakuwa mtia saini wa malipo. Tangu Julai 2024 ni msaidizi wa ukaguzi katika ofisi hii. Hupima fedha taslimu, benki na manunuzi, na kuandaa karatasi za kazi zinazopitiwa na mkaguzi aliyesajiliwa. Amefaulu mitihani ya mwisho ya CPA ya NBAA. Maombi ya usajili yamewasilishwa."*

Hayo hayajapita maneno 120. Hakuna sifa hata moja humo, na bado mtu anakujua. Sentensi ya wazabuni, ukiitaka, itachukua nafasi ya ile ya mauzo ya kila siku au itafupisha nyingine. Hiyo ni hiari yako. Kabla hujaipeleka, kaa na penseli, na pembeni ya kila dai andika karatasi gani inalithibitisha: barua ya ajira, maelezo ya kazi, matokeo ya NBAA, au jina la mkubwa wa zamani aliyekubali kuulizwa. Dai lisilo na karatasi wala mtu, ama lipunguze ama lifute.

Linabaki la mkuu wa ofisi, na naelewa linavyokukaa kifuani. Nakuuliza tu: una hakika ameipenda hiyo CPA, au amependa kwamba hatimaye kuna kitu cha kusoma? Huenda hajatambua kwamba usajili haujatoka. Ukienda kwake na kukataa tu, atabaki na pengo kwenye andiko na siku ya mwisho inakaribia. Ukienda na wasifu uliokamilika mkononi, mazungumzo ni mengine. Unaweza kumwambia: "Mkuu, usajili wangu bado haujatoka, kwa hivyo nimeandika ilivyo sasa. Nimeongeza na kazi zenyewe, naona kamati itazitaka." Hujamlaumu, na umelinda andiko lake. Yeye naye, kama amesajiliwa, anajibika mbele ya bodi kwa kinachotoka ofisini mwake.

Kuna uwezekano asiipokee. Anaweza kukwambia wengine wote wanafanya hivyo. Hapo utakuwa na uchaguzi mzito zaidi: kumpelekea nakala yako sahihi kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu, kuomba jina lako lisiwemo katika zabuni hiyo hadi usajili utoke, au kunyamaza na kuuacha upite. Barua pepe inaweza kumkera, ila inakupa ushahidi. Kujiondoa kunaweza kukuchelewesha miezi kadhaa kupata kazi za kukagua. Kunyamaza hakuna gharama ya leo, gharama yake inasubiri siku daftari litakapoangaliwa. Wewe ndiye unayemjua mkuu wako na hali ya nyumbani kwako, nami siwezi kukupimia hayo kutoka mbali. Lakini uanze na ile ya kwanza, ya kumpa wasifu uliokamilika, kabla ya kuamini kwamba utafika kwenye hizi.

Na shemegi mwoneshe rasimu mpya, umshukuru, kwa sababu bila ya yeye ungelibaki na sentensi moja. Usajili ukitoka, insha'Allah, ni mstari wa mwisho tu utakaobadilika: utaandika daraja la usajili kama lilivyo kwenye cheti chako, na mwaka wake.